Tohara ya hospitali au ya etiang'i, uani kwa baba? Jibu kwa mama anayesubiri Agosti

"Mimi ni Mjaluo, mume wangu ni Mbukusu. Kijana wetu wa kwanza ana miaka 13, na babu yake ametangaza kuwa Agosti hii ya 2026 lazima asimame atahiriwe. Mume wangu amekubali. Mimi nataka apelekwe hospitali siku moja, yaishe. Mama mkwe anasema aliyekatwa hospitali ni mwanamume nusu. Kijana mwenyewe anasema atafanya kama wenzake, lakini usiku namsikia halali. Na sasa wananiambia ndugu yangu lazima atoe ng'ombe, ilhali kwetu desturi hiyo haipo. Nifanye nini, na nitayarishe nini?"

Dada yangu, kabla ya mambo ya ng'ombe na hospitali, rudi kwanza kwa huyo asiyelala. Kaa naye peke yenu, baba yake asiwepo, umuulize anaogopa nini hasa. Nimewahudumia vijana wengi wa umri wake kabla na baada ya tohara, na mara nyingi hofu yenyewe haikuwa ile wazazi waliyodhani. Mmoja anaogopa maumivu. Mwingine anaogopa kutikisika mbele ya watu akaaibisha ukoo. Mwingine haogopi kisu hata kidogo. Anachoogopa ni kuulizwa shuleni yeye ni Mjaluo au Mbukusu. Kila hofu ina jibu lake, na huwezi kuijibu usiyoijua. Akikwambia wazi kwamba hataki, basi ujue, na mume wako na babu wajue pia, kwamba Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inakataza kumtahiri mtoto wa kiume kwa nguvu. Na hata desturi ya Wabukusu yenyewe inataka kijana ndiye aombe: anamwendea baba yake, baba anamkatisha tamaa, anamwambia jambo hili ni gumu, naye anarudi kuomba tena. Kijana aliyetangaziwa na babu yake bado hajaomba. Hilo unaweza kumweleza mzee kwa heshima, na atalielewa kwa sababu ni la kwao.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Nyumbani kwenu mnatumia neno moja kwa mambo mawili. Kuna kukatwa, na kuna kupita jando. Wewe unafikiria kukatwa, jambo la nusu saa hivi. Mama mkwe anafikiria jando, linaloanza kabla ya Agosti na kuisha Desemba. Ndiyo maana kila mmoja anamwona mwenzake hasikii.

Mambo haya mawili hayalazimiki kwenda pamoja. Wayahudi humtahiri mtoto siku ya nane baada ya kuzaliwa, lakini utu uzima wa kidini wanamhesabia akifika miaka 13, na desturi ni asimame mbele ya waumini asome Torati. Kisu na utu uzima vimeachana kwa miaka 13. Waislamu wengi huwatahiri watoto wakiwa wadogo, kisha baleghe huja kwa dalili za mwili, na hapo ndipo swala na saumu humlazimu. Kwenu Wajaluo zamani alama ilikuwa mdomoni, meno sita ya chini, wala hapakuwa na tohara, na hakuna aliyewaita wazee wenu wanaume nusu. Huko Tharaka, hapa Kenya, mwaka 1996, akina mama walianzisha jando la wasichana lisilo na kisu: wiki ya kukaa pamoja na kufundishwa, kisha sherehe mbele ya kijiji. Wakaliita Ntanira na Mugambo, yaani kutahiri kwa maneno. Kwa wasichana kisu kilipaswa kwenda kabisa, kwa kuwa ni madhara matupu na sheria inakipiga marufuku. Lakini akina mama wale waliona kuwa kuondoa kisu bila kubakiza mafundisho na sherehe kungemwacha msichana bila mahali pa kuvukia.

Mwanazuoni Arnold van Gennep aliandika mwaka 1909 kwamba sherehe za kuvuka zina hatua tatu: mtu anatolewa alipokuwa, anakaa katikati asipokuwa huyu wala yule, kisha anarudishwa akiwa mwingine. Itazame Agosti ya Wabukusu kwa jicho hilo. Kijana anazunguka kwa jamaa akigonga chinyimba, zile njuga za chuma, akiwaalika. Anafika kwa mjomba wake. Alfajiri anapelekwa mtoni, anapakwa matope, anarudishwa kwa nyimbo hadi uani kwa baba yake, na hapo anasimama mahali panapoitwa etiang'i, bila kupepesa, mbele ya omukhebi, yaani ngariba. Huko ndiko kutolewa. Baadaye anakaa kando na wenzake akipona na kufundishwa. Mafundisho hayo ndiyo khubita. Na Desemba anatolewa nje kwa sherehe, khukhwalukha, na kuanzia hapo ana rika lake, lenye jina litakalomfuata mpaka kaburini.

Ukimpeleka hospitali siku moja "yaishe", umempa sehemu ndogo ya hatua ya kwanza, ukamnyima mbili zilizobaki. Ndicho mama mkwe anachosema, ijapokuwa amekisema kwa maneno makali. Kijana anarudi darasani, wenzake wanajua mambo asiyoyajua, na hakuna mzee aliyewahi kumwambia kwamba sasa wewe ni mkubwa, na ukubwa ni huu na huu. Nimewaona waliotahiriwa hivyo wakiwa watu wazima, bado wanatafuta mahali pa kuthibitisha kitu ambacho wangethibitishiwa nyumbani.

Lakini na wewe una haki ya kuogopa. Nikueleze hatari zenyewe zilivyo, kwa sababu nyingi haziko pale watu wanapozitazama.

Watu hutazama kisu. Ni kweli kisu kimoja kikipita kwa vijana wengi kinaweza kubeba virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina ya B kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na hilo halina mjadala: kila kijana na kisu chake, kipya, kifunguliwe mbele ya baba yake. Ila mengi yanayowaumiza vijana hutokea baada ya kisu. Afrika Kusini, ambako jando la Waxhosa limepoteza vijana wengi, wauaji wakubwa wamekuwa kukosa maji, vidonda vilivyooza na bandeji iliyofungwa kwa nguvu kupita kiasi. Vijana walinyimwa maji ili wasikojoe mara kwa mara na kidonda kikauke upesi. Mwili usio na maji unapunguza damu inayofika kwenye figo, figo zinazimika, na kijana anayeonekana mvumilivu kumbe anakufa. Bandeji nayo ikikaza inazuia damu isifike kichwani mwa uume, na nyama isiyopata damu hufa. Nchi hiyo ilipitisha sheria ya jando mwaka 2021, na umri wa chini ni miaka 16.

La tatu ni matope. Udongo una mbegu za pepopunda. Zikiingia kwenye kidonda kibichi huweza kutoa sumu inayokaza misuli, ikianzia tayani, na siku zinazopita kati ya kidonda na dalili ya kwanza huweza kuwa tatu, huweza pia kufika wiki tatu, wakati sherehe imeshasahauliwa. Kwa hiyo matope yabaki kichwani na kifuani, chini ya kiuno pasafishwe kwa sabuni na maji safi, na kinga ya pepopunda iwe tayari mwilini. Kinga hiyo haichomwi asubuhi ya sherehe ikafanya kazi mchana. Asiye na rekodi ya chanjo anahitaji dozi mbili zilizoachana wiki 4, ya pili ikiwa angalau wiki 2 kabla ya kukatwa. Hesabu mwenyewe: kama ni wiki ya kwanza ya Agosti, dozi ya kwanza isivuke katikati ya Juni. Nenda na kadi yake ya kliniki ya utotoni. Huenda muuguzi akaona anahitaji moja tu ya kuongezea.

Sasa umri wake. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza tohara mwaka 2007 ili kupunguza maambukizi ya Ukimwi kwa wanaume, kwa kiasi cha asilimia 60 hivi katika tafiti za Kisumu, Uganda na Afrika Kusini, walitahiriwa hata wavulana wa miaka 10. Baadaye ikaonekana kwamba wadogo wanapata madhara fulani zaidi, na mwongozo wa 2020 ukaelekeza mpango huo kwa wa miaka 15 na kuendelea. Sababu yake ni ya kimaumbile. Kwa kijana ambaye mwili haujakomaa, govi mara nyingi bado limeshikana na kichwa, na uume ni mdogo. Njia ya kulivuta govi mbele, kulibana kwa koleo na kukata mbele ya koleo haioneshi kilichoko ndani, hivyo ncha ya kichwa inaweza kunaswa. Kwa umri huu anatakiwa mkataji anayelipasua govi kwanza kwa juu, akakiona kichwa kwa macho yake, ndipo akate kuzunguka. Miaka 13 haizuii tohara, lakini inakulazimu kuuliza ni nani atakata na kwa njia gani.

Njia zilizo mbele yenu naziona tatu.

Ya kwanza ni kungoja. Wabukusu, kama ndugu zao Wagisu wa Uganda, huendesha jando mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mkiuacha 2026, unaofuata ni 2028, naye atakuwa na miaka 15, mwili umekomaa na akili pia. Gharama yake ni kwamba rafiki zake watavuka wakimwacha, na miaka miwili ya kuitwa omusinde, asiyetahiriwa, ni mirefu kwa mvulana. Kama katika mazungumzo yenu ya faragha umesikia kusita kwa kweli, mimi ningengoja.

Ya pili ni etiang'i nyumbani, lakini kwa mkataji aliyefunzwa kitabibu, mwenye vifaa vilivyochemshwa kwa mvuke na kisu cha mtu mmoja. Wapo matabibu wanaoitwa nyumbani kwa kazi hiyo. Muulize mambo manne: anatumia ganzi au la, anashona au anafunga tu, akitoka damu nyingi anafanya nini, na atarudi lini kumtazama. Asiye na jibu la swali la tatu asimguse mwanao. Kuhusu ganzi lazima niwe mkweli: wazee wengine hawatakubali, kwa sababu kwao kusimama bila kutikisika ndicho cheti chenyewe. Kijana akichagua mwenyewe kusimama bila ganzi huku akijua maana yake, namheshimu. Akichaguliwa na wengine, hapana.

Ya tatu ni kukata hospitali, na mengine yote yabaki kama yalivyo: chinyimba, mjomba, kukaa kando, khubita, Desemba. Familia nyingi zinafanya hivi sasa. Hapa pia nisikudanganye, wako watakaosema hakusimama, na maneno hayo yatamfikia. Kinachoyapunguza nguvu ni baba yake na babu yake kumpokea hadharani anaporudi, kwa nyimbo, uani pale pale. Akirudishwa kimyakimya na pikipiki, maneno yatakua.

Nikupe mfano wa familia moja iliyokuwa kama yenu, mama wa kabila lingine, mvulana wa miaka 14. Walichagua ya tatu. Juni walienda kituo cha afya: chanjo, kupimwa, na kutazamwa kama tundu la mkojo liko mahali pake, kwa sababu tundu likiwa chini ya uume govi halikatwi, linahifadhiwa kwa ajili ya kulirekebisha. Muuguzi akauliza swali ambalo baba hakulitegemea: je, upande wa mama yuko mwanamume anayetoka damu bila kukoma? Mama akakumbuka kaka yake, aliyewahi kung'olewa jino akavuja damu siku mbili. Mvulana mwenyewe alikuwa na historia ya goti kuvimba kila anapoanguka, na nyumbani walikuwa wakisema ni mifupa inakua. Walipelekwa hospitali kubwa, damu ikapimwa, ikawa hemofilia ya kiwango kidogo, ugonjwa unaofanya damu isigande vizuri. Ugonjwa huu hupita kwa mama, yeye mwenyewe akiwa mzima mara nyingi, ukatokea kwa wanawe na kaka zake. Tohara ilifanyika hatimaye, hospitalini, akiwa amepewa dawa ya kugandisha damu. Ngariba mzuri kuliko wote, kwa kisu kisafi kuliko vyote, asingeweza kumwokoa kijana yule uani.

Uliza upande wenu basi. Uliza juu ya kaka zako, na kaka za mama yako. Damu puani isiyokoma, jino lililovuja, kiungo kinachovimba kwa kuanguka kidogo. Jibu likiwa ndiyo, jando lolote lisubiri kipimo.

Baada ya kukatwa, mwanamume mmoja mzima apewe kazi ya kumtunza, na awe mtu asiyelewa wakati wa sherehe. Siku mbili za kwanza bandeji ibaki kavu, uume ukilazwa kuelekea tumboni ili usivimbe. Saa 48 zikipita, bandeji itolewe na mhudumu wa afya. Kuanzia hapo ni maji safi na sabuni laini kila siku na kukausha kwa upole. Majivu, unga wa vidonge na majani yaliyosagwa visiguse kidonda. Maji ya kunywa apewe kila anapotaka na hata asipotaka. Mkojo wa rangi ya chai ni dalili kwamba hayatoshi. Mwambieni mapema kwamba alfajiri uume utasimama wenyewe usingizini na kuvuta nyuzi, kwamba ni kawaida, na kwamba kukojoa kabla ya kulala na akiamka usiku kunapunguza. Wavulana wengi huona aibu kulisema na huteseka peke yao. Juu juu kidonda hufunga katika wiki mbili hivi, lakini kupona kwa kweli ni wiki 6, na likizo ya Agosti haifiki hapo. Zungumza na mwalimu mkuu mapema kuhusu michezo na kazi za sulubu.

Usingoje asubuhi wala ruhusa ya mzee ikiwa damu haikomi baada ya kubanwa kwa nguvu kwa dakika 10 hadi 15. Ikiwa hajakojoa nusu siku. Ikiwa kichwa cha uume kimekuwa cheusi au cha baridi. Ikiwa kuna usaha, harufu au homa. Au akisema taya limekaza na mdomo haufunguki. Kichwa kikiwa cheusi, legezeni bandeji hapo hapo mkiwa njiani kwenda hospitali. Mpange sasa ni gari la nani litakalotumika usiku.

Kuna tayarisho moja ambalo familia hulisahau kwa sababu haliuzwi dukani: nani atamfundisha, na atamfundisha nini. Khubita ya kweli ni kuheshimu wakubwa, kutoingia ovyo chumbani mwa wazazi, kutunza mali, kumlinda aliye dhaifu. Lakini kukiwa na uzembe, mafunzo hutekwa na vijana wa miaka 18 waliolewa, na kinachobaki ni matusi na kuambiwa "kajaribu kisu" kwa msichana. Mwili ulio na kidonda kibichi hupata Ukimwi kwa urahisi zaidi, na msichana yule ni mtoto wa mtu. Mume wako amchague mwalimu mwenyewe, mtu ambaye angependa mwanawe afanane naye, na akae naye zaidi ya usiku mmoja.

Limebaki la ndugu yako na ng'ombe. Kwa Wabukusu mjomba, khocha, si mgeni mwalikwa. Kijana anakwenda kwake kabla ya kukatwa, mnyama anachinjwa, na anavishwa shingoni nyama ya kidari, luliki, arudi nayo nyumbani. Maana yake ni kwamba ukoo wa mama umemwachilia na umembariki. Asiyekuja na luliki anaonekana kama aliyetoka upande mmoja tu. Ndugu yako hajui haya, na akiletewa ujumbe mfupi wa "toa ng'ombe" atasikia ni deni la mahari lililogeuzwa. Mume wako aende mwenyewe, pamoja na mzee mmoja wa kwao, aketi, aeleze. Wajadiliane kama atatoa mnyama mzima, au atashirikiana na shemeji yake kumnunua, au atatoa mbuzi. Wazee wengi hukubali wakiona mjomba amekuja kwa miguu yake. Siku hiyo hiyo wakiwa wameketi, muulize ndugu yako lile swali la jino na damu.